Lastiki Iliyofia Handeni

Mkuu wa shule aliumwaga mfuko wote juu ya meza yangu ya kukatia, mbele ya wateja watatu, juu ya kitambaa cha sare nilichokwisha kukipiga chaki. Zilitoka nguo kadhaa za kuogelea za wasichana, rangi ya zambarau, nilizozishona mwenyewe miezi mitano nyuma. Zilikuwa zimeshikana kama matambara ya kupigia deki.

"Fundi," alisema, "umetuaibisha. Tanga nzima imeona."

Harufu ilinijia puani kabla ya maneno yake. Ilikuwa harufu ya dawa ya maji, ile kali inayowasha macho, na chini yake harufu ya ukungu. Nikainua nguo moja kwa kamba za mabega. Ilining'inia ikarefuka, na haikurudi.

"Msichana wa kidato cha tatu amejitosa kwenye bwawa mbele ya shule nane," akaendelea, kwa sauti ya kutaka hata wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara wasikie. "Nguo ikamvuka. Ikamvuka, fundi! Mpaka kiunoni. Wavulana wamecheka mpaka wamelala chini. Hii ndiyo kazi yako?"

Wateja wangu wakatazama sakafu. Mmoja, mama aliyeniletea kitambaa nimshonee bintiye gauni la harusi, akakumbuka ghafla kwamba ana haraka. Mkuu akasema nitazishona zote upya kabla shule hazijafungua, la sivyo kila mtu Korogwe na Handeni atajua mimi ni fundi wa aina gani. Akaondoka bila kuaga. Nikabaki nimeshika ile nguo, nimejaa hasira. Lakini nikisema ni hasira tu nitakuwa nadanganya. Kulikuwa na hofu pia, na hofu hiyo ilikuwa na sababu yake.

Kushona nguo za kuogelea sikujifunzia Korogwe. Wazazi wangu walikuwa watoto wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, na nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa Tanga kwa mama mmoja aliyekuwa akishonea hoteli za pwani. Nilikaa kwake miaka saba. Alikuwa mkali sana yule mama. Alikuwa ananipa kitambaa nikivute kwa mikono miwili mpaka kifike mara mbili ya urefu wake, nikiachie, kisha nikipime kwa rula. Kama kimeongezeka hata upana wa ukucha, hataki. Kisha nikivute tena mbele ya dirisha. Ukiona vidole vyako upande wa pili, mvaaji naye ataonekana. Na kila jioni tuliporudishiwa nguo za hoteli kuzirekebisha, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuziloweka kwenye maji baridi, kabla ya sindano, kabla ya chochote. "Chumvi ikikauka ndani ya uzi inakuwa wembe," alikuwa akisema. "Na dawa ya bwawa inaula mpira polepole, hata nguo ikiwa kabatini."

Kwa hiyo mwalimu wa michezo wa shule ile, binti mdogo tu aliyetoka chuo, aliponifuata mwaka huu na kuniambia shule yao iliyoko upande wa Handeni imejenga bwawa na wanataka nguo ishirini na nne, nilifurahi. Nusu ya wasichana walikuwa Waislamu na walitaka za mikono mirefu, suruali na kofia ya kufunika nywele. Nguo kama hizo hazipatikani kirahisi dukani huku kwetu. Tukaenda Tanga pamoja kuchagua kitambaa.

Dukani palikuwa na vitambaa viwili vya maana. Kimoja kilikuwa cha poliesta, kizito kidogo, kimefifia, hakina mng'aro. Kukivuta kulitaka nguvu, na kilirudi kama kilivyokuwa. Cha pili kilikuwa naironi yenye nyuzi za mpira nyingi ndani yake, laini kama maji mkononi, kinang'aa. Nikamwambia mwalimu, "Chukua hiki kilichofifia. Cha naironi ni kizuri kwa mtu anayekwenda baharini mara mbili kwa mwaka. Mtoto anayeingia kwenye klorini mara tatu kwa wiki hakitamfikisha mbali. Rangi itaondoka, na ule mpira wa ndani utakatikakatika."

Mwalimu alikubali. Lakini ilibidi avipige picha vyote viwili amtumie mkuu. Jibu likaja palepale: anataka kinachong'aa. Kutakuwa na wageni, kutakuwa na picha, na zambarau ya shule haiwezi kuonekana kama gunia.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, nami nalitamka. Nilikubali. Ningeweza kukataa kazi. Badala yake nilisema, "Haya, kitadumu kama kitasuuzwa." Nikanunua lastiki nzuri, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, si hii ya chupi inayouzwa kwa mita sokoni. Nikanunua uzi wa poliesta, maana wa pamba unaoza. Nilishona kwa zigizaga ili mshono uvutike pamoja na kitambaa. Nikatia bitana mbele. Nilipomaliza nikaandika kwa mkono wangu karatasi ya maelekezo: lowesha nguo kwa maji safi kabla ya kuingia bwawani, ili isinywe dawa nyingi. Ukitoka tu, suuza kwa maji safi ya baridi. Jioni fua kwa sabuni laini, usisugue, usikamue kwa kusokota, gandamiza ndani ya taulo. Anika kivulini. Usiifungie kwenye mfuko ikiwa mbichi.

Sasa ile hofu. Lastiki nzuri ilikuwa imeniishia nikiwa kwenye nguo ya ishirini na mbili. Nilituma Tanga iletwe nyingine na ikaletwa. Lakini siku ile mkuu alipoondoka kibandani kwangu, kichwa changu kilikataa kukumbuka vizuri. Je, niliisubiri kweli? Au ile nguo ya mwisho niliimalizia na lastiki ya sokoni ili mzigo uondoke? Nguo iliyomvuka yule msichana ilikuwa na jina lake kwa kalamu ndani ya shingo, na nilijua kuwa ni miongoni mwa zile za mwisho.

Nikafunga pazia la kibanda saa sita mchana, jambo ambalo huwa silifanyi. Nikachukua wembe nikaifumua. Lastiki ikatoka: ilikuwa ile nzuri, yenye mstari mwembamba wa bluu pembeni. Nilikaa kwenye kiti nikashukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikatundua nguo ya mfano niliyokuwa nimeitundika ukutani tangu mwanzo. Niliishona kwanza, kujaribu vipimo, kwa kitambaa kilekile na lastiki ileile. Nikazilaza mbili pamoja mezani. Ya ukutani niliivuta ikarudi kwa kishindo. Ya msichana niliivuta ikabaki ilipofika, na katika kitambaa chake vikachomoza vijiuzi vyeupe kama mvi. Ndiyo mpira wenyewe, umekatika. Nyuma palikuwa pamechujuka kuwa kama rangi ya ngozi. Na kwenye pindo la mguu, nilipokuna kwa ukucha, ikatoka chumvi. Ilikuwa chumvi ya baharini, kavu, bado imo.

Hofu ikaisha yote, ikabaki hasira safi.

Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Handeni na zile nguo mbili kwenye begi.

Nilifika wasichana wakiwa wanatoka bwawani. Shule ilikuwa imefunga, lakini kidato cha tatu walibakizwa kwa masomo ya ziada. Bwawa lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya, limejaa hadi ukingoni, na boza lililoleta maji lilikuwa bado linatoa matone getini. Ukiijua Handeni unajua maana yake. Njiani nilikuwa nimepita akina mama wamepanga madumu kwenye bomba lisilotoa kitu.

Mlinzi alikuwa pembeni na ndoo ya dawa ya unga. Nikamsalimia, nikamuuliza anapimaje. Akanionyesha kikombe cha chai. "Asubuhi vikombe viwili. Wakija wageni, vitatu, maji yawe meupe."

"Hakuna kipimo cha dawa kinachobadilika rangi? Kile cha kuchovya?"

"Kipo ofisini. Bado hakijafunguliwa."

"Na wasichana wanaingia saa ngapi baada ya kuweka?"

"Nikiweka tu wanaingia."

Wasichana walipita mbele yangu wakisema shikamoo, macho mekundu kama waliolia. Nikawafuata kwa macho. Hakuna aliyekwenda bombani. Walivua, wakakamua zile nguo zilizobaki shuleni kwa kuzisokota kama kamba, wakazitundika kwenye waya wa uzio, juani, jua la Handeni la saa tano. Ndani ya robo saa zilikuwa zimekauka kwenye ule waya wa moto, na dawa yote ikiwa ndani yake.

Mwalimu wa michezo akaja akiwa ameinamisha uso. Nikamuuliza karatasi yangu iko wapi.

"Niliibandika bwenini, mama. Matroni akaibandua. Alisema wasichana wanatumia karatasi yako kama kisingizio cha kuongezewa maji. Kila mmoja ana ndoo moja kwa siku. Kuoga, kufua, kila kitu."

"Na wewe ulisema nini?"

Akageukia nguo kwenye waya. Nilitaka kumgombeza, lakini nikakumbuka na mimi dukani Tanga nilisema "haya".

Nilimwomba anipeleke kwa yule msichana. Alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa, amevaa sare, hakuwa ameogelea. Mtoto mrefu wa Dindira, kule milimani, mabega mapana, miguu ya kupanda milima. Alisimama akanisalimia kwa heshima, kisha aliposikia mimi ni fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Sikuja kukulaumu," nikamwambia. "Wala sikuja kujitetea. Nataka unieleze ilikuwaje."

Alieleza kwa sauti ndogo. Siku ya kwanza Tanga walipelekwa ufukweni kucheza. Wengi hawakuwahi kuona bahari. Walitoka na mchanga na chumvi, wakaambiwa gari linaondoka, nguo zikafungwa mbichi kwenye mifuko ya plastiki, zikalala humo. Asubuhi yake ndiyo mashindano.

"Nilipovaa nilijua, mama. Ilikuwa inavuta kama soksi kuukuu. Mabega hayakai. Nikamwambia matroni."

"Akasemaje?"

"Akanipa pini. Akasema nisiwasumbue, nisimame wima tu."

"Kisha?"

"Nikajitosa. Maji yakaingia kwa nyuma, pini ikafunguka." Akagusa bega lake. Palikuwa na mkwaruzo mrefu, umeanza kukauka. "Nilishika ukuta wa bwawa. Nilikaa majini mpaka wote wametoka. Mwalimu ndiye aliyeniletea kanga, na nguo ikarudishwa kwenye mfuko uleule wenye maji ya bahari. Nilikuwa wa kwanza, mama. Mpaka katikati nilikuwa mbele yao wote."

Hilo la mwisho, pamoja na lile la pini, ndiyo yaliyoniinua. Alikuwa amesema kwamba nguo haifai. Alisema kwa mdomo wake, mapema, kwa mtu mzima mwenye jukumu, akapewa pini.

Niliingia ofisini kwa mkuu bila kugonga. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Nikaweka nguo mbili juu ya makaratasi yake kama yeye alivyoziweka juu ya chaki yangu.

"Vuta hii," nikamwambia. "Sasa vuta hii. Kitambaa kimoja, lastiki moja, fundi mmoja. Moja imekaa ukutani kwangu. Nyingine imekaa kwako."

Hakuvuta. "Fundi, Handeni maji ni shida. Unataka watoto waache kunywa wasuuze nguo?"

"Bwawa lile umelijaza soda?"

Akaniangalia kama asiyeamini. Nami niliendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitapata tena nguvu. Nilimwambia nguo ishirini na nne hazihitaji mto. Zinahitaji mapipa matatu yaliyokatwa nusu, yapangwe kivulini kando ya bwawa. Nguo inapita la kwanza, la pili, la tatu. Maji ya la kwanza yakichafuka kwa dawa yanakwenda kumwagwa vyooni, la pili linakuwa la kwanza, la tatu linakuwa la pili, na linajazwa moja tu jipya. Ndoo tano, sita. Boza zima limekwenda kwenye bwawa, ndoo sita zikashindikana.

"Na kabla ya hapo," nikasema, "mwambie mlinzi aache kikombe cha chai. Kile kinachoula mpira kinakula na macho ya watoto."

"Umemaliza?"

"Bado. Msichana alisema nguo imelegea kabla hajaingia majini. Alisema. Aibu yenu mmekuja kunimwagia mimi mezani, na yeye mmemwacha kwenye ngazi."

Akasimama akafungua mlango. Aliniambia shule itatafuta fundi anayejua adabu. Nikatoka. Njia nzima kurudi Korogwe nilikuwa nasema peke yangu, nikikumbuka maneno mazuri zaidi ambayo ningeyasema, hadi jirani yangu wa kiti akasogea dirishani.

Wiki ile kazi ilipungua. Mama wa gauni la harusi alituma mtu kuchukua kitambaa chake. Nilikuwa napiga nguo pasi kana kwamba zimenikosea, na siku moja niliunguza kola ya shati la mteja, nikalazimika kukata nyingine.

Kisha akaja baba wa yule msichana. Aliteremka kutoka Dindira na koti lake la baridi kwenye joto la Korogwe, binti yake nyuma yake, masomo ya ziada yakiwa yameisha. Ni mkulima wa chai, mtu wa maneno machache, na nilimwona kwenye uso kwamba amekuja kugombana.

"Wewe ndiye uliyemvua mwanangu mbele za watu?" akaniuliza.

Binti akamshika mkono, akamwambia jambo kwa Kishambaa, haraka haraka. Baba hakugeuka. Nikampa kiti. Nikaweka mbele yake zile nguo mbili, nikampa avute mwenyewe. Alivuta ya kwanza. Alivuta ya pili. Vidole vyake ni vya kuchuma majani, vinajua kitu kibichi na kitu kilichokufa. Akakuna pindo kama nilivyokuna, akalamba kidole.

"Chumvi," akasema.

"Ya baharini. Hawakuisuuza."

"Kwa nini?"

Binti ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili safari hii, ili na mimi nisikie. Alieleza ndoo moja, karatasi iliyobanduliwa, na pini. Hakuwa ameieleza nyumbani habari ya pini. Baba alisikiliza mpaka mwisho, na mshipa wa shingo ukamsimama. Akaniomba aondoke na nguo zote mbili. Nikampa.

Kilichotokea kwenye kikao cha wazazi sikukiona, nilisimuliwa na mwalimu wa michezo. Mzee yule alisubiri mpaka mwisho, wakati wa mengineyo. Akasimama, akazipitisha zile nguo kiti hadi kiti, kila mzazi avute. Hakuhutubia. Zilipofika mbele alimwomba matroni aeleze pini ni ya nini. Ukumbi ukawaka. Wazazi wa Handeni, wanaojua bei ya dumu la maji kuliko mtu yeyote, walitaka kujua inakuwaje bwawa lijae na watoto waoge kwa kikombe.

Mapipa yaliwekwa. Kipimo kikafunguliwa, na dawa sasa inawekwa jioni, maji yanapimwa asubuhi kabla mtu hajaingia. Ndoo zikawa mbili. Mkuu hakuniomba radhi, wala hakumwomba msichana. Alimtuma mwalimu wa michezo na ujumbe kwamba shule iko tayari kunifikiria tena.

Nikamrudishia ujumbe kwamba na mimi nitaifikiria shule. Nilitaka kukataa, na nadhani ningekataa, kama si yule msichana kuja kibandani siku moja kabla ya kurudi shuleni. Alisimama mlangoni akaniuliza kama kile kitambaa kilichofifia bado kipo Tanga.

"Kinafanana na gunia," nikamwambia.

"Nitavaa gunia, mama."

Safari hii sikumtumia mtu picha. Nilinunua poliesta, rangi ya zambarau iliyokolea isiyong'aa, na nilipowaletea kipande cha kupima, nilimwambia mwalimu ampelekee mkuu akivute mwenyewe, na kama hakitaki aniambie nisikate. Jibu halikuja. Nikakata.

Muhula uliofuata nilikwenda kuzikabidhi kwa mkono wangu. Msichana aliingia kuvaa, akatoka akizungusha mabega, akainama, akaruka mara mbili papo hapo. Haikusogea. Akaenda kwenye pipa la tatu, akachota kopo, akajimwagia maji safi mwili mzima mpaka kitambaa kikaloa, ndipo akapanda ukingoni. Wenzake walisimama kumtazama, na mmoja akaanza kucheka, sijui kwa nini, pengine kwa kukumbuka. Yeye akasubiri mpaka kicheko kimeisha. Kisha akajitosa.

Mkuu alipita nyuma yangu na wageni wake. "Habari za kazi, fundi," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hatujawahi kukosana.

"Nzuri," nikamjibu, na sikugeuka. Nilikuwa nahesabu mapigo ya mikono ya mtoto wa Dindira, na bado nilikuwa na hasira.